Tatuu begani, ngozi ibaki ngozi: Healing Brush, Clone Stamp au kutenganisha masafa?

Kwenye picha za sendofu na harusi tunazopiga huku Arusha na Moshi, chunusi si kazi. Unaigusa mara moja, imeondoka. Kinachokula muda ni alama yenye ukubwa wa tatuu ndogo, sentimita tatu mpaka tano hivi: tatuu yenyewe, kovu la moto, au baka ambalo mtu amezaliwa nalo. Alama ya namna hiyo inafunika eneo kubwa kiasi kwamba ukiiondoa unalazimika kutengeneza ngozi mpya pale ilipokuwa, na jicho la mtazamaji linaijua ngozi vizuri mno. Vinyweleo vikipotea, bega linaonekana laini kama mfuko wa nailoni. Vinyweleo vikibaki lakini rangi ikakataa kulingana na jirani yake, kinaonekana kiraka.

Njia tatu ndizo zinazotumika sana kwa kazi hii ndani ya Photoshop. Ya kwanza ni Healing Brush pamoja na ndugu yake Patch Tool. Ya pili ni Clone Stamp. Ya tatu ni kutenganisha masafa, yaani kuigawa picha katika leya mbili, moja ikiwa na umbile la ngozi na nyingine ikiwa na rangi na mwanga, kisha kutengeneza kila moja peke yake. Nitazilinganisha juu ya picha moja, maana nikizieleza hewani kila mojawapo itaonekana inafaa.

Picha yenyewe

Bibi harusi mtarajiwa amesimama kwenye bustani huko Usa River, saa kumi na nusu jioni, ametupa mgongo kwenye kamera na kugeuza uso juu ya bega. Ngozi yake ni maji ya kunde. Kamera ni ya megapikseli 24, picha imesimama wima, pikseli 4000 kwa 6000, kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyuma ya bega la kulia ana tatuu ya kipepeo yenye upana wa sentimita nne hivi, wino wake ukiwa umefifia na kuingia ubluu. Kwenye faili, kipepeo huyo ana upana wa pikseli kama 270.

Mambo mawili yanaifanya picha hii iwe ngumu. Jua linatoka kulia, likapaka mng'ao mrefu juu ya mfupa wa bega, na mng'ao huo unapita katikati ya bawa moja la kipepeo. Bawa lingine liko kivulini. Pili, ncha ya chini ya kipepeo inakaribia kugusa kamba ya gauni, ambayo ni rangi ya krimu.

Kabla ya kufungua programu yoyote nilimuuliza mwenyewe, ingawa agizo la kuiondoa tatuu lilikuwa limetoka kwa shangazi yake. Jibu lake lilikuwa wazi: "Kaka, kwenye ile kubwa ya mlangoni pa ukumbi itoe, kwa heshima ya wazee. Zile za kwangu iache." Ninasisitiza hatua hii kwa sababu alama iliyo mwilini mwa mtu ni yake, na mara nyingi anayelipia picha si yule aliye kwenye picha.

Healing Brush na Patch Tool

Healing Brush inachukua umbile kutoka mahali ulipochagua, halafu inalilinganisha na rangi na mwanga wa pale unapopaka, ikitazama kingo za eneo. Patch Tool inafanya vivyo hivyo kwa eneo zima ulilozungushia. Kwa alama ndogo iliyo katikati ya ngozi yenye mwanga mmoja, hakuna njia inayozishinda. Kama kipepeo huyu angekuwa kwenye mgongo ulio kivulini chote, ningemzungushia kwa Patch, nikavuta hadi ngozi safi ya pembeni, na ndani ya dakika tatu kazi ingekuwa imekwisha.

Kwenye picha yetu inakwama mara mbili. Kwanza, ule mng'ao. Ukivuta Patch kutoka kwenye ngozi isiyo na mng'ao, zana inajaza katikati kwa kubashiri kutoka kingoni, na mng'ao unaopita juu ya bawa unakatika ghafla au unageuka kuwa ukungu. Ukivuta kutoka mahali penye mng'ao, unaleta mng'ao wenye umbo la mahali pale, na bega linapata uvimbe ambao mtu hana.

Pili, kamba ya gauni. Healing Brush inaisoma kingo, na kingo ikiwa na pikseli chache za kamba, ile krimu inamwagika ndani ya ngozi kama doa jeupe lililofifia. Ubaya wake ni kwamba kadiri unavyopaka tena kulirekebisha, ndivyo doa linavyosambaa. Ukiona weupe unaanza kutambaa karibu na kamba, kola au ukingo wa nywele, achana na zana hiyo hapo hapo na urudi nyuma hatua.

Clone Stamp

Clone Stamp inanakili kila kitu kama kilivyo: umbile, rangi na mwanga. Haibashiri, kwa hiyo haimwagi rangi ya kamba kwenye ngozi. Hiyo ndiyo nguvu yake, na kwa sababu hiyo ninaitumia kwenye kila ukingo. Udhaifu wake unatoka hapo hapo. Ukinakili ngozi ya pikseli mia moja kando na kuiweka pale ambapo mwanga ni tofauti hata kidogo, kiraka kinaonekana. Ukijaribu kukificha kiraka kwa kupunguza Opacity hadi asilimia 30 na kupaka mara nyingi, ngozi mbili zinachanganyika nusu kwa nusu, vinyweleo vya huku vinafuta vya kule, na unaishia na ule ulaini uliokuwa unaukimbia.

Kuna mpangilio mmoja wa Clone Stamp unaofaa sana kwa picha hii. Kwenye Mode ukichagua Lighten, zana inabadilisha tu pikseli ambazo ni nyeusi kuliko zile unazonakili. Wino ni mweusi kuliko ngozi, kwa hiyo unafutika. Kamba ya krimu ni nyeupe kuliko ngozi, kwa hiyo haiguswi hata ukiipitia juu yake. Kama kamba ingekuwa nyeusi, mpangilio huu usingefaa. Ungetakiwa kwanza kuizungushia ngozi peke yake kwa Pen Tool au Lasso, ndipo upake ndani ya mipaka hiyo.

Basi kwa kipepeo mzima Clone Stamp peke yake haitoshi, kwa sababu ya mng'ao. Ila kwa ile ncha inayokaribia kamba, ndiyo chaguo langu, na ninaianza hiyo kabla ya kutenganisha chochote. Nainakili leya ya picha, naweka Sample kwenye Current & Below, Mode Lighten, Opacity asilimia 100, na kusafisha ukanda wa ngozi wa pikseli 50 hivi kando ya kamba. Kwa nini 50, utaona mbele.

Kutenganisha masafa

Jina linatokana na jinsi picha inavyobadilika kutoka pikseli moja hadi nyingine. Mabadiliko ya harakaharaka, kama kinyweleo, mkunjo mdogo au unywele, ni masafa ya juu. Mabadiliko ya polepole, kama kivuli kinachozunguka bega au wekundu wa shavu, ni masafa ya chini. Ukiififisha picha kwa Gaussian Blur, masafa ya chini yanabaki. Ukitoa picha iliyofifishwa kutoka kwenye picha halisi, kinachosalia ni masafa ya juu. Ukizijumlisha tena, picha inarudi ilivyokuwa.

Anza na leya iliyounganishwa, ambayo tayari ina ule ukanda uliosafishwa kando ya kamba. Inakili mara mbili kwa `Ctrl+J`. Ya chini iite Rangi, ya juu iite Umbile. Zima Umbile, chagua Rangi, kisha nenda Filter > Blur > Gaussian Blur.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana namba ya Radius ndiyo inayoamua kazi yote. Wengi wanakariri namba moja na kuitumia kwa kila picha. Vinyweleo vya uso uliojaza picha nzima ni vikubwa kwa pikseli kuliko vinyweleo vya mtu aliyepigwa mzima mzima, kwa hiyo namba haiwezi kuwa moja. Kuza picha hadi asilimia 100, weka Radius 1, na panda taratibu huku ukitazama ngozi safi, bila kuangalia tatuu. Simama pale vinyweleo vinapopotea tu. Bega lazima bado lionekane bega, na mng'ao bado uonekane mng'ao. Kwenye picha hii nilisimama kwenye 8. Picha ya uso peke yake kutoka kamera ileile ingeweza kudai 12 au zaidi, na ya mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni ingetosheka na 4.

Sasa washa Umbile, ichague, na nenda Image > Apply Image. Kwenye Layer chagua Rangi, Channel iwe RGB, halafu jaza kulingana na aina ya faili:

```
8-bit:   Blending: Subtract   Scale: 2   Offset: 128
16-bit:  Blending: Add   Invert: ✓   Scale: 2   Offset: 0
```

Leya itageuka kijivu chenye mistari hafifu. Badilisha mtindo wake wa kuchanganya uwe Linear Light. Picha inapaswa kurudi sawasawa na mwanzo. Washa na uzime leya zote mbili kwa pamoja ukitazama: kama kuna chochote kinachobadilika kwa macho, kama picha kuwa nzito au kuangaza, kuna namba umekosea, mara nyingi mtu ametumia mpangilio wa 8-bit kwenye faili la 16-bit. Usiendelee mpaka irudi sawa.

Wino umegawanyika sasa. Ujazo wake, ule ubluu mweusi, uko kwenye Rangi. Kingo za mistari yake ziko kwenye Umbile. Ukitaka kuziona, rudisha Umbile kwenye Normal kwa muda: utamwona kipepeo amechorwa kama muhuri wa kubonyezwa kwenye karatasi ya kijivu. Hii ndiyo sababu wanaosafisha Rangi peke yake wanashangaa kuona mzimu wa tatuu umebaki. Rangi imeondoka, mistari bado ipo.

Kwa hiyo ninaanza na Umbile. Clone Stamp, Sample iwe Current Layer, Mode irudi Normal, Opacity 100, na brashi yenye Hardness ya juu, 80 na kuendelea. Brashi laini hapa ni adui kwa sababu ileile niliyoitaja: pembezoni mwake inachanganya maumbile mawili na kuyafuta yote. Kwa kuwa leya hii haina rangi wala mwanga mpana, kiraka hakionekani hata ukitumia brashi ngumu. Uhuru huo huwezi kuupata kwenye picha ambayo haijatenganishwa.

Uhuru huo una mpaka wake. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi zaidi, sehemu kubwa ya umbile tunaloliona ni mng'ao mdogo mdogo juu ya kila kinyweleo. Penye jua, vidoa hivyo ni vikali. Kivulini, ni vipole. Ukinakili umbile la kivulini na kulipeleka penye mng'ao, rangi itakubali lakini ngozi itaonekana imepakwa poda mahali pamoja. Kwa hiyo bawa lililo kwenye mng'ao nililijaza kwa umbile la mng'ao huohuo, juu kidogo ya tatuu, na bawa la kivulini nikalijaza kwa umbile la kivulini. Badilisha chanzo mara kwa mara pia. Ukinakili eneo moja kwa mfululizo, doa moja dogo litajirudia mara tatu kwa umbali uleule, na jicho linashika marudio haraka kuliko linavyoshika kosa la rangi.

Halafu Rangi. Njia inayofundishwa sana ni kuzungushia eneo kwa Lasso yenye Feather, kisha kupiga Gaussian Blur ndani yake. Kwa mabaka ya wekundu usoni inafaa. Kwa tatuu haifai hata kidogo, na ninaomba uiepuke, kwa sababu wino bado uko ndani ya eneo ulilozungushia. Blur inachukua wino na ngozi na kutafuta wastani wao, na wastani wa wino na ngozi ni doa chafu la kijivu lenye ukubwa wa tatuu. Wino lazima ubadilishwe na rangi ya ngozi kwanza. Kufifisha kunafuata baadaye.

Tengeneza leya tupu kati ya Rangi na Umbile. Chukua Brush laini kabisa, Flow asilimia 10 hadi 20. Weka Sample ya Eyedropper iwe Current & Below ili isichukue kijivu cha Umbile, shika Alt na uchukue rangi kando kabisa ya kipepeo, paka kuelekea ndani, chukua tena rangi upande mwingine, paka tena. Unachofanya ni kuchora upya mwanga wa bega: angavu kwenye mng'ao, ukishuka polepole kuelekea kivulini. Mng'ao niliufuata kwa kuchukua rangi pale unapoingia kwenye tatuu na pale unapotokea ng'ambo, nikauunganisha kwa michirizi mirefu inayofuata mwelekeo wake. Ukiona mipaka ya michirizi yako baada ya wino kufunikwa wote, sasa ndiyo unaweza kuzungushia na kufifisha, kwa kuwa hakuna tena wino wa kusambaa. Unganisha kwanza leya ya rangi na Rangi, kisha Lasso yenye Feather ya pikseli 20, Gaussian Blur ya 15 au 20.

Kwa nini mzimu unabaki hata baada ya yote hayo

Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Gaussian Blur haiishii kwenye namba uliyoandika. Rangi ya wino inasambaa kwenye leya ya Rangi hadi karibu mara tatu ya Radius. Kwa Radius ya 8, hiyo ni pikseli 24 nje ya ukingo wa tatuu unaouona kwa macho. Kwenye Umbile nako kuna ukanda wa upana huohuo ulio angavu kidogo, ambao kazi yake ni kusawazisha giza lililomwagika chini yake. Leya zote mbili zikiwa hazijaguswa, giza na mwanga vinafutana na huoni kitu.

Sasa mtu anasafisha Rangi kwa kufuata ukingo wa tatuu sawasawa, na kwenye Umbile anafuta mistari tu. Kwenye ukanda wa pikseli 24, kimoja kimeondoka na kingine kimebaki. Matokeo yake ni mstari hafifu, angavu au mweusi, unaomzunguka kipepeo ambaye hayupo tena. Dawa ni kusafisha leya zote mbili hadi pikseli 25 au 30 nje ya alama, na zote mbili ziishie mahali pamoja. Chora mpaka huo mapema kwa Lasso na uuhifadhi kwa Select > Save Selection, ili uuite unapohamia leya nyingine.

Jambo hilohilo ndilo linalofanya njia hii iwe mbaya karibu na kamba ya gauni. Krimu ya kamba nayo imemwagika pikseli 24 ndani ya ngozi kwenye Rangi, na Umbile lina giza la kuisawazisha. Ukinakili umbile la ngozi safi juu ya ukanda huo, unafuta kisawazishi, na kamba inaanza kutoa nuru. Ndiyo maana ukanda wa karibu na kamba niliumaliza kwa Clone Stamp kabla ya kutenganisha, na ndiyo maana ulikuwa wa pikseli 50: 24 za kamba, 24 za wino, na nafasi ndogo ya kupumua. Kwenye picha ambayo alama imelala kabisa juu ya ukingo, kama tatuu ya shingoni inayoingia chini ya kola, sitenganishi masafa kwa sehemu hiyo. Clone Stamp inafanya vizuri zaidi, hata kama ni kazi ya polepole.

Kama huna Photoshop

GIMP ni ya bure na inaifanya kazi hii kwa njia mbili. Kuna Filters > Enhance > Wavelet-decompose, inayogawa picha katika leya tano za umbile na moja iitwayo Residual. Kwa kusawazisha ngozi ya uso ni nzuri sana. Kwa tatuu naiona inaongeza kazi bila faida, kwa sababu kingo za wino zinatawanyika kwenye leya kadhaa na inabidi uzisafishe zote, moja baada ya nyingine.

Afadhali utenganishe kwa mkono: nakili leya mara mbili, ya chini ibaki kali na ya juu ifanyiwe Gaussian Blur. Iweke ya juu kwenye mtindo wa Grain extract, chagua Layer > New from Visible, irudishe ile iliyofifishwa kwenye Normal, iweke leya mpya juu yake kwa mtindo wa Grain merge, kisha futa nakala kali iliyo chini ya ile iliyofifishwa. Baada ya hapo hatua ni zilezile, ila hakikisha Sample merged ya zana ya Clone imezimwa. Affinity Photo inatenganisha yenyewe kupitia Filters > Frequency Separation, na unachobakiwa nacho ni kuchagua Radius.

Kwenye simu, Healing ya Snapseed inatosha kama picha inaenda status ya WhatsApp. Na ukipewa picha iliyokwisha kupita WhatsApp kwa njia ya kawaida, usijisumbue kutenganisha masafa. Faili linakuwa limepunguzwa hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu, kipepeo wetu amebaki na pikseli 70 hivi, na vinyweleo havipo tena. Kinachoingia kwenye leya ya Umbile ni viboksi vya JPEG vya pikseli nane kwa nane. Omba faili halisi, au itumwe kama dokumenti.

Kovu lina hesabu nyingine

Yote niliyosema yanahusu wino au baka, yaani alama ambayo rangi yake ni tofauti lakini ngozi yake ni bapa. Kovu lililoinuka ni jambo jingine. Lina upande unaopokea mwanga na upande wenye kivuli chake chenyewe, na ngozi yake imenyooka, haina vinyweleo. Kovu la chanjo ya BCG begani ni mfano ambao karibu kila mmoja wetu anao. Kwenye leya ya Umbile tatizo ni kwamba hakuna kitu, kwa hiyo unaongeza umbile badala ya kufuta. Kwenye Rangi, mara nyingi huhitaji kubadilisha rangi yenyewe. Unapandisha upande wenye kivuli na kushusha upande unaong'aa, kwa brashi hafifu nyeupe na nyeusi kwenye leya ya Soft Light iliyo chini ya Umbile. Kovu dogo kama hilo la BCG, likiwa kwenye mwanga wa aina moja, ningeliondoa kwa Patch Tool na kuendelea na kazi nyingine. Kovu refu la moto linalozunguka mkono ndilo linalostahili kutenganishwa masafa.

Namna ya kujua imekubali

Weka juu ya leya zote leya ya Curves ya muda, na uivute iwe na mteremko mkali kuliko kawaida, mpaka picha iwe na giza na mwanga mwingi usiopendeza. Mzimu wowote uliofichika utajitokeza: mduara hafifu pale kipepeo alipokuwa, au doa la ubluu ambalo kwa macho ya kawaida lilijificha kwenye kahawia ya ngozi. Ubluu huo ni wa kawaida kwa wino uliozeeka. Unaondolewa kwenye leya ya Rangi kwa kupaka rangi ya ngozi kwenye leya tupu yenye mtindo wa Color, bila kugusa mwanga. Kisha futa Curves na upunguze picha hadi asilimia 25. Kosa la umbile unaliona ukiikuza, kosa la rangi unaliona ukiipunguza.

Mwisho tazama picha inakwenda kuchapwa wapi. Kwa inchi 12 kwa 18, faili letu linatoa pikseli 333 kwa inchi, na kipepeo angekuwa na upana wa sentimita mbili tu kwenye karatasi. Ikichapwa kwenye kanvasi, nyuzi za kitambaa zinafunika sehemu kubwa ya vinyweleo, na Patch iliyofanywa kwa uangalifu inaweza kupita bila mtu kuuliza, isipokuwa mng'ao ukiwa umekatika. Kwenye albamu ya karatasi ya kung'aa, inayoshikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu, kila kinyweleo kinaonekana, na hapo nusu saa ya kutenganisha masafa nailipa bila kusita. Ile ya mlangoni pa ukumbi ilikuwa ya kung'aa, imewekwa kwenye fremu, usawa wa macho ya kila mgeni aliyekuwa akiingia.